Fimbo Kubwa Ikimbie: Xiao na Mzazi Aliyekosea

"Shikamoo mwalimu. Mimi ni mkalimani wa Mchina mwenye duka la jumla Kariakoo. Duka linakwenda vizuri, lakini baba yake aliyeko Fujian ameamuru alifunge arudi nyumbani kabla ya mwaka mpya wao. Nilipomuuliza kwa nini asikatae, akanijibu neno moja tu: xiao. Je, hiyo xiao inamlazimu mtoto amtii mzazi hata pale mzazi alipokosea? Na bosi wangu hana njia nyingine?"

Marahaba, mwanangu. Haimlazimu. Vitabu vya Wachina wenyewe vinasema hivyo, tena kwa ukali kuliko unavyotarajia: mtoto anayemfuata baba katika kosa anahesabiwa kuwa ameivunja xiao. Ila kumpinga mzazi kuna adabu yake, ni safari ndefu, na wakati mwingine huishia mahali ambapo wengi wetu hatungependa kufika. Nitakupitisha humo taratibu, kisha turudi Kariakoo.

Kwanza neno lenyewe, maana ndilo linalotupoteza. Xiao hutamkwa karibu na "shiao", sauti ikishuka mwishoni. Sisi wakalimani tukibanwa na muda huwa tunasema "utiifu kwa wazazi" na kuendelea na kazi, nami nimefanya hivyo mara nyingi. Lakini itazame herufi yake. Juu kuna alama ya mtu mzee, imekatwa nusu. Chini yake kuna alama ya mtoto. Xu Shen, aliyeandika kamusi mashuhuri ya herufi mnamo mwaka 100 hivi baada ya Kristo, alilifafanua neno hilo kwa maneno machache tu: ni mtu anayewahudumia vyema baba na mama, mtoto akimbeba mzee. Hapo amri haijatajwa. Na ukirudi nyuma zaidi, kwenye maandishi yaliyochorwa katika vyombo vya shaba vya enzi ya Zhou, utakuta xiao kwa sehemu kubwa ni jambo la kuwapelekea chakula na mvinyo wazee waliokwisha kufa. Basi neno hili lilianzia kwenye bakuli la chakula. Utii ulikuja kukaa juu yake baadaye.

Wasomaji wangu wengi hukimbilia kulinganisha na radhi ya wazazi. Zinakaribiana, lakini angalia tofauti moja. Radhi iko mkononi mwa mzazi: yeye ndiye anayeitoa au kuizuia, na mtoto huiomba. Xiao iko mkononi mwa mtoto. Mzazi anaweza kukasirika mwaka mzima na mtoto bado akawa na xiao, na mzazi anaweza kufurahi kila siku huku mtoto akiwa hana. Mengi yaliyobaki nitakayokueleza yanatoka kwenye tofauti hiyo.

Kuna kisa kimoja kifupi cha Konfusio, aliyeishi kati ya mwaka 551 na 479 kabla ya Kristo, ambacho kinaonyesha jinsi hata watu wa zama zake walivyomwelewa vibaya. Bwana mmoja wa ukoo wa Meng, mkubwa katika dola ya Lu, alimuuliza xiao ni nini. Konfusio akamjibu kwa maneno mawili: "Usiende kinyume." Bwana yule akaridhika, hakuuliza tena. Baadaye Konfusio akiwa garini, anayeendesha ni mwanafunzi wake Fan Chi, akamsimulia alivyoulizwa na alivyojibu. Fan Chi akauliza: maana yake nini? Ndipo mwalimu akafafanua: wazazi wakiwa hai, wahudumie kwa mujibu wa li, wakifa, wazike kwa mujibu wa li, na sadaka zao zitolewe kwa mujibu wa li.

Li ni taratibu za heshima na ibada zinazompa kila mtu mahali pake na kipimo chake. Kwa hiyo "usiende kinyume" ilikuwa na maana ya usiende kinyume na hizo taratibu. Ukoo wa Meng ulikuwa mmoja wa koo tatu zilizokuwa zimemnyang'anya mtawala wa Lu madaraka yake, na koo hizo zilijitwalia nyimbo za ibada na sherehe zisizo za daraja lao. Mtoto wa nyumba hiyo akifanya kila anachotaka baba, anaweza kumzikia baba yake kwa fahari ya wizi. Nadhani Konfusio alimpa bwana yule jibu lenye mlango wa pili makusudi, na yule bwana akaondoka bila kuuona. Hata leo wengi huishia kwenye yale maneno mawili na hawapandi gari na Fan Chi.

Sasa, je, xiao inadai nini hasa kila siku? Kumlisha mzazi ndio mwanzo, na Konfusio haoni kuwa ni sifa kubwa. Alimwambia mwanafunzi wake Ziyou kwamba watu wa siku hizi wakisema fulani ana xiao, wana maana kwamba anawalisha wazazi wake. Lakini hata mbwa na farasi hulishwa, na pasipo heshima, tofauti iko wapi? Mwanafunzi mwingine, Zixia, alipouliza swali hilohilo, alijibiwa: kigumu ni uso. Vijana kuchukua kazi nzito, wazee kutangulizwa chakula na mvinyo, hayo yote yanawezekana, na bado uso ukakosa.

Miaka niliyosoma Jinan, katika mkoa wa Shandong ambako Konfusio alizaliwa, nilikuwa nikienda kila wiki nyumbani kwa mzee mmoja aliyenifundisha Kichina cha kale. Yeye mwenyewe alikuwa na miaka sitini na kitu, na mama yake, ajuza wa miaka tisini, aliishi naye. Daktari alikuwa amemkataza bibi yule chumvi kwa sababu ya shinikizo la damu. Bibi alitaka achari ya figili, ile ya chumvi nyingi, kila asubuhi na uji wake. Mwalimu wangu hakumkatalia wala hakumletea kama ilivyo. Usiku aliikata figili vipande vyembamba, akailoweka ndani ya maji, akamwaga, akailoweka tena, na asubuhi akaiweka mezani kwa mikono miwili, uso umekunjuka. Bibi akalalamika kuwa achari za siku hizi hazina ladha. Mwana akaitikia tu, "Ndiyo, mama." Baada ya siku tatu nne, bibi akiwa amekula vizuri na kucheka na majirani, mwana angemkumbusha kwa sauti ya chini: mama, daktari alisema hivi na hivi. Bibi akikunja uso, yeye anayaacha. Wiki inayofuata anayarudia. Nilidhani ni tabia yake mwenyewe. Baadaye tulipofika kwenye sura ya kanuni za nyumbani katika Kitabu cha Taratibu, nikamkuta amekaa mle ndani herufi kwa herufi.

Sura hiyo inaeleza jambo ambalo Wachina huliita jian. Ni mdogo kumwambia mkubwa kuwa amekosea. Kiswahili hatuna neno lake moja kwa moja. Kuonya kwetu hutoka juu kwenda chini, na kushauri ni kwepesi mno. Mimi hutumia kunasihi, kwa kuwa nasaha inaweza kupanda pia. Utaratibu wake ni huu. Mzazi akikosea, mtoto ashushe pumzi, akunjue uso, alainishe sauti, ndipo anasihi. Nasaha isipopokewa, azidishe heshima na utumishi badala ya kuupunguza. Mzazi akishafurahi, amnasihi tena. Na kama mzazi hafurahi? Kitabu kinatoa sababu ya kuendelea ambayo mimi naiona ndiyo roho ya jambo lote: ni heri mtoto arudie kunasihi mpaka mwisho, kuliko kumwacha mzazi awakosee watu wa kijiji na mtaa. Kinachookolewa ni jina la mzazi mbele ya majirani zake. Mzazi akighadhibika akampiga hadi damu ikatoka, mtoto asimchukie, azidishe heshima.

Sehemu nyingine ya kitabu hichohicho inasema mtoto akishanasihi mara tatu bila kusikilizwa, basi alie kwa sauti na kumfuata mzazi. Waziri, kwa upande wake, akimnasihi mfalme mara tatu bila kusikilizwa, anaruhusiwa kuondoka. Mfalme unaweza kumwacha, kwa kuwa mliunganishwa na kazi, baba humwachi. Hapo ndipo nilipokuambia njia hii huishia mahali pagumu. Mtoto haruhusiwi kukata undugu ili ashinde hoja.

Ukisimama hapo utasema: basi mwisho wa yote ni utii, tofauti ni machozi tu. Ndivyo wengi walivyosoma. Lakini vitabu vina mtu mmoja wanayemtumia kulijibu jambo hili, jina lake Zeng Shen, ambaye kwa heshima huitwa Zengzi. Yeye ndiye mfano wa mwana mwenye xiao kuliko wanafunzi wote wa Konfusio. Wachina wengi waliosoma shule wanamjua. Na angalia wanachomfanyia: mara mbili wanamleta mbele ya mwalimu wake, na mara zote mbili anakemewa kwa sababu ya utii wake.

Mara ya kwanza ni katika kitabu kifupi cha Xiaojing, chenye sura 18 na herufi zisizofika elfu mbili, ambacho kwa karne nyingi watoto wa China walikisoma kati ya vitabu vyao vya mwanzo. Katika sura ya 15 Zengzi anauliza swali lako, mwanangu, karibu neno kwa neno: mtoto kuifuata amri ya baba, je, hiyo yaweza kuitwa xiao? Konfusio anashtuka. "Maneno gani haya! Maneno gani haya!" Anasema mara mbili. Kisha anamhesabia: mfalme mkuu mwenye mawaziri saba wa kumbishia hatapoteza ufalme wake hata akiwa hana mwenendo, mtawala wa dola akiwa nao watano, hataipoteza dola, mwenye ukoo mkubwa akiwa nao watatu, hataipoteza nyumba. Na baba mwenye mwana wa kumbishia hatazama katika uovu. Kwa hiyo penye uovu, mwana hana ruhusa ya kuacha kumpinga baba. Kuifuata tu amri ya baba, anamaliza, kutaitwaje xiao?

Soma tena ile hesabu. Watu saba, watano, watatu, halafu mwana mmoja. Nyumba ya mtu wa kawaida haina mawaziri, mwana ndiye waziri wake. Akinyamaza, baba hana mwingine wa kumwambia.

Mara ya pili ni kisa cha shamba la matikiti, na hiki ndicho ninachokipenda kuliko vyote, kwa sababu kinamshika mwana mwema akiwa katika wema wake. Kimo katika mikusanyo ya visa vya Konfusio iliyoandikwa karne nyingi baada yake, kwa hiyo kichukue kama fundisho la wafuasi wake. Zengzi alikuwa akipalilia matikiti, jembe likateleza likakata shina kwenye mizizi. Baba yake, Zeng Xi, akapandwa na hasira, akachukua gongo kubwa akampiga nalo mgongoni. Zengzi akaanguka, akazimia kwa muda mrefu. Alipozinduka aliinuka kwa uchangamfu, akamwendea baba yake na kumwambia: nimekukosea, baba, nawe umetumia nguvu nyingi kunifunza, isije ikawa umejiumiza? Kisha akaingia chumbani mwake, akachukua kinanda chake cha nyuzi, akapiga na kuimba, ili baba amsikie kutoka nje ajue mwanawe ni mzima.

Mtu akisikia hivyo atasema, huyo ndiye mtoto. Konfusio aliposikia alikasirika, akawaambia wanafunzi wake: Shen akija, msimruhusu kuingia. Zengzi hakuelewa kosa lake, akatuma mtu kuuliza. Jibu lilikuwa hivi. Hukusikia habari za Shun? Shun ni mfalme wa hadithi za kale ambaye baba yake, Gusou, alijaribu kumuua zaidi ya mara moja: alimtuma akaezeke paa la ghala kisha akaondoa ngazi na kuwasha moto, akamtuma kisimani kisha akakifukia. Konfusio anasema: Gusou alipomtaka Shun kwa kazi, siku zote alimkuta karibu, alipomtafuta ili amuue, hakumpata kamwe. Fimbo ndogo aliivumilia, fimbo kubwa aliikimbia. Wewe umesimama ukaupa mwili wako hasira kali. Ungekufa, ungekuwa umemtumbukiza baba yako katika uovu. Kuna kukosa xiao kukubwa zaidi ya huko? Tena wewe si raia wa mfalme mkuu? Anayemuua raia wa mfalme ana kosa gani?

Sasa tulifungue kidogo, maana kila kiungo kina kazi. Konfusio hakumpa pole Zengzi, na hakutaja haki ya Zengzi ya kutopigwa. Sisi leo tungeanzia hapo, na nadhani ni sahihi kuanzia hapo. Yeye alitumia kipimo cha xiao yenyewe: umemtendea nini baba yako? Kwa kusimama, Zengzi alimruhusu baba awe muuaji. Hasira ni ya muda mfupi, lakini tendo lililofanywa ndani yake hubaki. Mtoto anayekimbia anamwokolea baba kesho yake, pale hasira itakapokuwa imeisha. Halafu kuna lile neno la raia: mwili wa Zengzi si mali ya baba peke yake. Hata ndani ya mafundisho haya, mamlaka ya mzazi yana ukuta.

Mwanafalsafa Xunzi, wa karne ya tatu kabla ya Kristo, aliugeuza ukuta huo kuwa kipimo ambacho mtu anaweza kukitumia. Alisema kuna nyakati tatu ambazo mwana mwenye xiao hafuati amri. Ya kwanza, akifuata wazazi wanaingia hatarini, asipofuata wanakuwa salama. Ya pili, akifuata wazazi wanafedheheka, asipofuata wanapata heshima. Ya tatu, akifuata anakuwa kama mnyama, asipofuata anakuwa mtu. Nje ya hizo tatu, kukataa ni kukosa adabu ya mtoto. Ndani yake, kukubali ndiko kukosa uaminifu. Kitabu chake kina msemo mzito: ifuate haki, usimfuate baba.

Utaniuliza, kama vitabu vinasema hivyo, mbona xiao inajulikana duniani kote kwa utii? Kwa sababu serikali ziliipenda nusu moja kuliko nyingine. Mtawala aliyejiita baba wa watu wote hakupendezwa sana na ile sura ya 15. Sheria ya enzi ya Tang, iliyotolewa na maelezo yake mwaka 653, iliweka kukosa xiao katika makosa kumi makubwa kuliko yote. Mtoto aliyemshtaki mzazi wake mahakamani alihukumiwa kunyongwa, isipokuwa kwa makosa mazito kama uhaini. Aliyekaidi maagizo ya wazazi au kupunguza matunzo yao alifungwa miaka miwili na kazi. Hata hivyo, wenye sheria waliongeza maelezo mafupi: ni maagizo yanayoweza kufuatwa, na ni matunzo yaliyo ndani ya uwezo. Kile kijisehemu hukipita macho, lakini ni Zengzi na matikiti yake wameingia mahakamani.

Hadithi za mitaani ziliharibu zaidi kuliko sheria. Wakati wa enzi ya Yuan zilikusanywa habari za wana 24 wenye xiao, zikachapwa na picha na kuenea kila nyumba. Nyingine ni nzuri. Moja inamhusu Guo Ju, maskini aliyemwona mama yake akimmegea mjukuu chakula chake kidogo. Akamwambia mkewe: mtoto tunaweza kupata mwingine, mama hatuwezi, tumzike mtoto. Akachimba shimo, na humo akakuta dhahabu, basi mtoto akapona. Mwandishi Lu Xun alieleza mwaka 1926 jinsi alivyotishika na picha hiyo utotoni, akiogopa baba yake asije akaamua kuwa mwana mwema kama Guo Ju. Nakubaliana naye kwa moyo wote. Tena kwa kipimo cha Xunzi, Guo Ju ameshindwa: hakuna bibi ambaye jina lake halingefedheheka kwa kaburi la mjukuu aliyezikwa hai ili yeye ashibe, na hakuna aliyemuuliza bibi huyo kama alilitaka.

Leo China sheria imebaki na bakuli la chakula, utii wameuacha. Katiba, katika ibara ya 49, inawapa watoto watu wazima wajibu wa kuwatunza na kuwasaidia wazazi. Sheria ya kulinda haki za wazee, iliyoanza kutumika kwa sura yake mpya tarehe 1 Julai 2013, ikaongeza kwamba wanafamilia wanaoishi mbali na wazee wawatembelee au kuwapelekea salamu mara kwa mara. Siku hiyohiyo mahakama ya mji wa Wuxi ilimwamuru binti mmoja, aliyeshtakiwa na mama yake mwenye miaka 77, amtembelee angalau mara moja kila miezi miwili, na pia katika sikukuu zisizopungua mbili kwa mwaka. Lakini hakuna sheria inayomlazimu bosi wako kufunga duka kwa kuwa baba amesema. Mahakama inaweza kumpeleka mtoto hadi mlangoni kwa mama yake. Ule uso alioutaja Konfusio haiwezi kuuagiza.

Sasa twende Kariakoo. Kwanza, kuwa mbali na wazazi kumeshazungumzwa. Konfusio alisema wazazi wakiwa hai, mtoto asisafiri mbali. Kisha akaongeza nusu ya pili ambayo husahaulika: akisafiri, awe na mahali panapojulikana. Wafafanuzi huielewa kuwa mzazi ajue mtoto yuko wapi na anaweza kumwita. Fujian ni mkoa ambao watu wake wamevuka bahari kwa karne nyingi na kutuma fedha nyumbani, kwa hiyo kule nusu hiyo ya pili ndiyo waliyoishi nayo. Bosi wako kukaa Dar es Salaam hakumfanyi mkosefu. Ila sehemu ile ya "anaweza kumwita" ndiyo inayofanya kazi sasa. Ameitwa.

Pili, pima amri yenyewe. Kwa Xunzi, kupoteza faida ya duka hakumo katika zile tatu. Baba hafedheheki mwanawe akirudi nyumbani, wala haingii hatarini, isipokuwa kama ni mapato ya duka hilo yanayolipia dawa zake au deni la nyumba. Hapo kufunga ghafla kutamdhuru baba mwenyewe, na mwana ana wajibu wa kumwambia. Kwa hiyo nisingeharakisha kusema baba amekosea. Huenda ametoa amri kwa sababu ambayo hawezi kuitamka kwenye simu. Wazee wengi niliowafahamu kule hawakusema "naumwa" wala "nimekukumbuka". Walisema "rudi, biashara haina maana".

Tatu, njia anayo, na huenda ameshaianza bila wewe kuiona. Ukimsikia akijibu "ndiyo, baba" kisha mwezi unapita na bidhaa mpya zinaagizwa, usidhani ni unafiki. Ni uji na achari iliyolowekwa. Anasubiri siku ambayo baba ana furaha ili aliseme tena, na atalisema kama ombi: muda zaidi, mpaka mzigo ulioko melini uuzwe, au ndugu afundishwe kazi. Kitu cha kuangalia ni kama anazidisha au anapunguza. Anayenasihi kwa adabu ile huongeza simu na fedha za nyumbani wakati uleule anaopinga. Akipunguza simu na kununa, ujue ameshaacha njia ya xiao na anagombana tu na baba yake, jambo ambalo hutokea kwa watu wa mataifa yote.

Wewe kama mkalimani wake usimwambie kuwa vitabu vyao vinamruhusu kukataa. Hiyo sura ya 15 ikitoka kinywani mwa mfanyakazi wake itamwaibisha, hata kama ni kweli. Ila kuna swali moja unaloweza kumuuliza mkinywa chai, na halitamchukiza, kwa kuwa katika mafundisho ya Konfusio kila mtoto anatakiwa kuwa na jibu lake. Muulize baba yake ana miaka mingapi. Konfusio alisema umri wa wazazi ni lazima ujulikane, kwa upande mmoja uwe furaha, kwa upande mwingine uwe hofu. Akikutajia umri huo huku akitazama pembeni, utajua kwamba barua ya kumaliza mkataba wa pango la duka utaitafsiri wewe, na kwamba si amri ya baba iliyomwondoa.